Kusoma picha ya lichi na shokishoki kabla ya kutoa avansi

Mama anayeuza matunda Lubumbashi anatumiwa picha ya lichi kwenye WhatsApp. Mzigo uko Kasumbalesa na mwenyewe anataka avansi. Katika picha lichi ni nyekundu sana, lakini tazama ukingo wa kartoni nyeupe: nao umekuwa wa waridi. Picha imepigwa chini ya mwavuli mwekundu, kwa hiyo rangi hiyo haifai kuaminiwa. Omba nyingine, ipigwe mchana kivulini, bila taa ya simu, matunda yakiwa makavu juu ya karatasi nyeupe. Omba pia picha ya safu ya chini na ya matunda matatu yaliyopasuliwa.

Picha ya pili inaonyesha karibu nusu ya lichi zina kahawia. Usikatae haraka. Ganda la lichi hupoteza maji upesi, na likikauka wekundu hufifia hata ndani ya siku mbili za joto. Kahawia ya ukavu huanzia kwenye ncha za vinundu, kisha husambaa. Ganda huwa gumu, lakini nyama inaweza kuwa bado nyeupe na tamu. Kinachotisha ni doa jeusi lililolowa karibu na kikonyo au penye ufa, maana huo ni uozo na utahamia kwa jirani zake. Kati ya matunda matatu yaliyopasuliwa, mawili yana nyama nyeupe inayong'aa, la tatu limegeuka kahawia kwenye kikonyo. Mzigo huo ununuliwe kwa bei ya kuuza siku hiyohiyo, na uchambuliwe kwanza.

Ikiwa ni shokishoki, wengine huita rambutani, macho yaende kwenye nywele. Ndizo zinazokauka kabla ya ganda. Ncha za kijani juu ya ganda jekundu ni dalili njema. Ncha zikiwa nyeusi huku mashina ya nywele yamesimama, tunda limeanza tu kunyauka. Nywele zikiwa nyeusi mpaka kwenye ganda na zimelala, limezeeka. Weusi ulioenea juu ya tunda ambalo halijanywea huenda umeletwa na baridi: shokishoki huumia zikikaa chini ya nyuzi 10 hivi, wakati lichi huvumilia baridi zaidi.

Ganda la kijani ni jambo jingine kabisa. Matunda haya yote mawili hayaivi tena baada ya kuchumwa, basi lililochumwa bichi litabaki chachu hata ukilingoja wiki nzima.

Kuna lichi ambazo picha haiwezi kuzisema: zile zilizofukizwa salfa. Ganda lake hupauka kuelekea manjano na halibadiliki upesi, kwa hiyo rangi haionyeshi umri. Hapo zuia sehemu ya malipo mpaka kartoni ifunguliwe mbele yako. Ikinuka pombe, nyama imeshachacha.