Mkataba unakataza kubadilisha kwa mdomo, ila nyie mmeshabadilisha kwa vitendo: jinsi ya kujua umesimama wapi

Hili swali linarudi kila mara. Mkataba uko kwenye karatasi, una kipengele kinachosema mabadiliko yoyote lazima yaandikwe na kusainiwa na pande zote, halafu watu wakapigiana simu wakakubaliana kitu kingine, wakaenda nacho miezi kadhaa bila shida, siku wamekorofishana mmoja anafungua mkataba na kusema "mimi sikusaini kitu". Je, kile kipengele kinamlinda? Nafuata sheria ya Uingereza kwa sababu mahakama yake ya juu kabisa imelijibu moja kwa moja, na pale chini nitagusa kwingine.

Hatua ya 1: angalia tarehe ya yale maneno

Kuna vipengele viwili ambavyo mara nyingi vimebanwa kwenye aya moja na watu wanavichanganya sana. Kile cha makubaliano yote kinaangalia nyuma, yaani kinasema tuliyokubaliana ni haya tu yaliyo humu, ahadi za kabla ya kusaini hazihesabiki kama masharti. Kile cha kukataza kubadilisha kwa mdomo kinaangalia mbele, kuanzia siku mliyosaini.

Kwa hiyo kama ahadi unayoishikilia ilitolewa kabla ya saini, unapambana na kile cha kwanza, na mambo mliyofanya baadaye hayakusaidii sana. Kinachoweza kukusaidia ni kama uliambiwa uongo uliokufanya usaini, maana kusema tu kwamba "makubaliano yote yako humu" hakufuti madai ya kudanganywa. Kama maneno yalikuja baada ya saini, twende mbele.

Hatua ya 2: tafuta maandishi kabla hujaanza kuhangaika na vitendo

Watu wengi wanairuka hii na ndiyo rahisi kuliko zote. Soma kipengele chako neno kwa neno: kinataka maandishi tu au na saini pia? Saini ya nani, mtu yeyote wa kampuni au mkurugenzi? Kimekataza imeili? Kama hakijakataza, rudi kwenye imeili zenu utafute ile ambayo mmoja amependekeza, mwingine akajibu sawa, na majina yako chini. Mahakama za Uingereza zimewahi kukubali kwamba imeili za namna hiyo zinatosha kuwa maandishi yaliyosainiwa. Ukiipata, hoja ya vitendo huihitaji tena.

Hatua ya 3: ielewe kesi yenyewe

Inaitwa Rock Advertising v MWB, Mahakama ya Juu ya Uingereza, 2018. Rock walikuwa wanatumia ofisi za MWB huko London kwa leseni ya miezi 12, pauni 3,500 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo halafu 4,433.34. Kufika Februari 2012 deni lilikuwa limepita pauni 12,000. Mkurugenzi wa Rock akaongea kwa simu na mhusika wa madeni wa MWB, akapendekeza ratiba mpya, yaani walipe kidogo sasa na zaidi baadaye mpaka deni liishe. Siku hiyohiyo wakalipa 3,500, ambayo ndiyo ilikuwa awamu ya kwanza ya ile ratiba. Baada ya hapo MWB wakasema hatukukubali, wakawafungia nje na kuvunja leseni.

Jaji wa kwanza alikuta kwamba kweli walikubaliana kwa simu, ila kipengele cha saini kikaua makubaliano hayo. Mahakama ya Rufaa ikageuza, kwa hoja ambayo wengi wanaiona ya akili ya kawaida: walioweka kipengele ndio hao hao, wanaweza kukiondoa hata kwa mdomo. Mahakama ya Juu ikakataa. Jaji Lord Sumption, aliyeandika hukumu kuu, akasema kipengele kinafanya kazi kama kilivyoandikwa, watu wana haki ya kujifunga wenyewe namna hiyo, na wana sababu za maana, mfano kuzuia wafanyakazi wa chini wasibadilishe mkataba kwa simu moja. MWB wakashinda.

Ila akaacha mlango mmoja, na hapo ndipo vitendo vinaingia. Mtu akiutegemea mkataba uliobadilishwa na kutenda kwa kuuamini, anaweza kulindwa na estopeli, yaani mwenzake anazuiwa kugeuka baada ya kumfanya aamini.

Hatua ya 4: pima vitendo vyako kwa maswali mawili

La kwanza: kuna maneno au kitendo cha upande wa pili kinachoonyesha bila utata kwamba mabadiliko ni halali *ingawa hayakusainiwa*? La pili: kuna kitu zaidi ya ile ahadi ya mdomo yenyewe? Rock walikwama hapa, mahakama ikaona walichofanya ni kidogo mno, maana kulipa pesa ambayo tayari unadaiwa hakukuumizi chochote.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mkataba unasema lipa kila mwezi, ukichelewa muuzaji anaruhusiwa kuvunja. Kwa simu mnakubaliana mlipe kila miezi mitatu. Kama muuzaji alinyamaza tu na kupokea pesa, hoja yako ni dhaifu, kunyamaza kunaweza kuwa uvumilivu tu. Sasa badilisha: muuzaji mwenyewe ametoa ankara za miezi mitatu mara tatu mfululizo, mhasibu wake ameandika "tunaenda na utaratibu mpya, hamna haja ya kusaini tena", na wewe kwa kuamini hilo umeacha mkopo wa benki uliokuwa unakusaidia kulipa kila mwezi. Hapo maswali yote mawili yana jibu, la kwanza ni ile meseji ya mhasibu (ukithibitisha alikuwa na mamlaka ya kuiandika), la pili ni mkopo ulioacha. Akivunja mkataba ghafla kwa kusema umechelewa, una utetezi mzuri.

Ujue na mipaka yake lakini. Estopeli haiandiki upya mkataba wako. Kwa mambo ya malipo kama haya, kwa kawaida muuzaji anaweza kukupa notisi ya muda wa kutosha na kurudisha utaratibu wa kila mwezi kuanzia hapo mbele. Unalindwa kwa kipindi ulichoamini, sio milele.

Hatua ya 5: fanya kazi ya karatasi leo

Kama mabadiliko yanakufaa wewe, andika nusu ukurasa: taja mkataba na tarehe yake, taja namba ya kipengele kinachobadilika, andika maneno mapya, sema yameanza tarehe gani, sema mengine yote yanabaki, saini wote. Mwenzako akigoma kusaini, hiyo ni taarifa muhimu, acha kuingia gharama kwa kutegemea yale maneno yake.

Kama wewe ndiye unayevumilia, kila unapopokea malipo yaliyochelewa andika kwamba umepokea bila kubadilisha mkataba na haki zako zipo palepale. Na waambie watu wa uhasibu waache kuandika vitu kama "utaratibu mpya".

Kwa mikataba ya kuuziana bidhaa kati ya nchi tofauti, angalia kama inaangukia Mkataba wa Vienna wa 1980. Ibara ya 29 inaheshimu kipengele cha maandishi, ila inamzuia mtu kukitumia kwa kiwango ambacho mwenzake ametegemea vitendo vyake, kwa hiyo yale maswali ya hatua ya 4 yanakupeleka karibu palepale. Nchi nyingine bado zinaweza kusimama na hoja ya Mahakama ya Rufaa, kwa hiyo kabla ya yote tafuta kwenye mkataba wako kile kipengele kinachosema ni sheria ya nchi gani inatumika.