SOMO: Kuandika kioo cha duka kwa jani la dhahabu, kutokea ndani, herufi zikiwa kinyume

Nimejibu swali hili mara nyingi mno, na kila nikijibu anakuja mwingine na lile lile. Leo naliandika lote mara moja. Nitatumia neno KINYOZI kama mfano, kwa sababu lina herufi zote zinazotia watu aibu.

Dhahabu inakaa upande wa NDANI wa kioo. Mpita njia anaiona kupitia kioo, na kioo hicho hicho ndicho kinachoipa mng'ao kama wa kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo wewe uliye ndani unaandika IZOYNIK, na cha mwanzo kugusa kioo ndicho kitakachoonekana mbele. Rangi ya mgongoni inakuja baadaye, kinyume na bango la kawaida.

Hatua ya 1. Vipimo. Jani moja lina upana wa sentimita 8 hivi, na kitabu kina majani 25. Majani yanapandana nusu sentimita. Safu mbili zinafunika kimo cha sentimita 15.5, kwa hiyo herufi za sentimita 14 zinakaa ndani ya safu mbili kwa raha. Ukiamua herufi za 16 kwa sababu mwenye duka anataka "kubwa kidogo", umeingia safu ya tatu. Neno letu lina urefu wa sentimita 80: majani 11 kwa safu, jumla 22. Kwa safu tatu ni 33. Zile sentimita 2 za ziada zimekula majani 11. Kitabu kimoja kinamtosha mzoefu na kubakiza vipande vya viraka. Mgeni anunue viwili. Chukua majani yaliyolala huru kitabuni, si yale yaliyogandishwa kwenye karatasi, maana hayo hayatarukia maji.

Hatua ya 2. Mchoro. Chora neno kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, likisomeka kawaida. Toboa mistari yote kwa gurudumu la meno au sindano, tundu karibu karibu. Andika MBELE upande unaosomeka na NYUMA upande wa pili, kwa kalamu nene. Usinicheke, utanishukuru.

Hatua ya 3. Kioo. Kisugue ndani kwa unga wa chaki na maji, suuza, kisha pitisha spiriti. Maji yakitambaa kama shuka, kiko tayari. Yakijikusanya matone matone, kuna mafuta, rudia.

Hatua ya 4. Maji ya gundi. Kapsuli tupu 2 za jelatini, ukubwa wa 00, kwa nusu lita ya maji yaliyotoneshwa. Ziyeyushe kwanza kwenye maji ya moto kidogo, kisha ongeza maji mengine. Usiache ichemke juu ya jiko, jelatini inapoteza nguvu. Tengeneza mpya kila siku ya kazi. Na soma pakiti: kuna kapsuli za mimea, hizo si jelatini.

Hatua ya 5. Kubandika. Anza juu, ili maji yanayochuruzika yaangukie mahali ambapo bado hapana dhahabu. Lowesha kioo kwa brashi pana, maji yawe mengi. Pitisha ile brashi bapa ya nywele za kindi shavuni ili ipate mafuta kidogo, nyanyua jani kwa ncha zake, lisogeze karibu na kioo. Hulibandiki wewe, linaruka lenyewe. Mwanzo litaonekana limekunjamana na kufifia. Maji yakikauka linajivuta na kung'aa. Ukiona sehemu bado imefifia, bado ina maji: usiiguse.

Likikauka lote, sugua taratibu kwa pamba kavu laini, kisha bandika tena mahali penye matundu. Kaa ndani utazame nje: kila tundu litakuonyesha mwanga.

Hatua ya 6. Kuandika mgongoni mwa dhahabu. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo hapa nakaa.

Sasa una ukanda wa dhahabu usio na herufi. Bandika karatasi juu yake huku NYUMA ikikutazama, gongagonga kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa makaa, ondoa karatasi. Utaona IZOYNIK kwa vidoti. Jaza herufi kwa rangi nyeusi ya mafuta iliyotiwa vanishi kidogo. Rangi hiyo ndiyo inayolinda dhahabu unayotaka ibaki.

Kazi yangu ya pili ya kulipwa ilikuwa neno hili hili. Vidoti vya katikati vilikuwa vimefifia, na mimi nikajiambia kwamba Y siwezi kuikosea, inafanana pande zote mbili. Nikaimalizia kwa mkono. Sasa, kwenye herufi zenye mkono mnene na mwembamba, Y HAIFANANI pande zote. Ikisomeka kawaida, mkono wa kushoto ni mnene na wa kulia mwembamba. Kutokea ndani, mnene lazima uwe kulia kwako. Mkono wangu ulishazoea mnene kushoto, ukaenda huko. Kutoka ndani ikapendeza kabisa! Nikasafisha dhahabu ya ziada, nikatoka nje kujisifu, na mwenye kazi akainamisha kichwa: "Fundi, hii Y mbona kama imevaa shati nyuma mbele?" Niliikwangua kwa wembe, nikaanza upya ile sehemu kwa majani yangu mwenyewe.

Kwa hiyo angalieni. K ukiikosea utaijua palepale. N na Z zinachanganya zaidi: kutokea ndani, mshazari wa N unashuka kutoka juu kulia kwenda chini kushoto, na wa Z unashuka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Yaani kila mmoja unachukua njia ya mwenzake. Lakini hizo angalau mtu anaziogopa. Hatari ni zile anazoziamini: A, M, U, V, W, Y. Zinajifanya hazina kinyume, kumbe unene una upande wake. Vidoti vikififia, rudisha karatasi ugonge tena. Na kabla ya kusafisha chochote, piga picha ya simu, igeuze kushoto-kulia, uisome. Usitegemee kutoka nje kuangalia, kwa sababu wakati huo nje unaona ukanda wa dhahabu tu, rangi imejificha nyuma yake.

Hatua ya 7. Acha rangi ikauke usiku kucha. Futa dhahabu ya ziada kwa pamba yenye unyevu na chaki kidogo. Nyoosha kingo kwa wembe.

Hatua ya 8. Paka vanishi mgongoni, ivuke ukingo wa herufi kwa milimita 2 hivi, ishike kioo. Bila hiyo mfuta madirisha atang'oa kazi kuanzia pembeni.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

Mchoraji_Mpya: Mkuu somo zuri. Sasa naandika kwa ndani au kwa nje?

Mwandishi: Sentensi ya kwanza ya aya ya pili. Neno lenyewe nimeliandika kwa herufi kubwa.

BrashiNene: Siwezi kutumia rangi ya dhahabu ya kopo tu? Yote ni dhahabu.

Mwandishi: Unaweza. Utapata kahawia yenye vumbi linalometa. Hilo ni somo lingine, na si langu.

BrashiNene: Nimeuliza tu, usikasirike.

Mwandishi: Sijakasirika, ndugu. Nimejibu.

Dada_Kioo: Shikamoo fundi. Nimejaribu kwenye kipande cha kioo nyumbani. Dhahabu imeshika vizuri, ila kutoka nje ina ukungu mweupe, kama mtu ameihemea. Nilitia kapsuli 4 nikihofia isibanduke. Nikitazama kwa pembeni naona na michirizi ikishuka.

Mwandishi: Marahaba dada. Umelitazama vizuri, na jibu umeshaligusa mwenyewe. Ukungu huo ni jelatini iliyozidi, imekaa kati ya kioo na dhahabu. Michirizi ni mahali ilipochuruzika na kukaukia. Kama hujapaka rangi mgongoni, bado inaokoleka: dhahabu ikiwa kavu kabisa, mwagia maji ya moto kutoka juu, taratibu, kwa mkondo mpana. Yasiwe ya kuchemka, na kioo kisiwe cha baridi, kitapasuka. Maji yatapenya na kubeba gundi ya ziada, kisha acha ikauke tena. Utaona mng'ao unarudi. Mimi hufanya hivyo hata kwa gundi ya kipimo sahihi. Kama umeshapaka rangi, kwangua uanze upya.

Upande wa pili wa kosa ni huu: gundi ikiwa hafifu mno, dhahabu inang'aa sana lakini inatoka na pamba unaposugua. Kwa hiyo jaribu pembeni kwanza, jani moja.

Dada_Kioo: Nimemwagia. Ukungu umetoka karibu wote! Vipande viwili vya dhahabu vimeondoka navyo.

Mwandishi: Hivyo havikuwa vimeshika. Bandika viraka.

Msomaji_Kimya: Na ile herufi yenye katikati isiyong'aa na ukingo unaong'aa, inafanywaje? Ni dhahabu aina mbili?

Mwandishi: Swali tamu. Ni dhahabu ile ile. Ukingo unabandikwa kwa jelatini kama hapo juu, unapakwa rangi mgongoni na kusafishwa, katikati pakibaki kioo kitupu. Kisha hapo katikati unapaka vanishi ya kubandikia dhahabu, unangoja hadi ikiguswa kwa kidole inata kidogo bila kutoka, ndipo unaweka jani. Vanishi haikauki laini kama kioo, ndiyo maana dhahabu juu yake inaonekana kama hariri badala ya kung'aa.

Fundi_Haraka: Mimi nataka kioo kilichochubuliwa kwa asidi, hicho cheupe. Asidi ya nguvu naipata wapi?

Mwandishi: Sikuelekezi. Asidi inayokula kioo ni ya floridi. Inapenya ngozi hadi mfupa, na ikiwa nyepesi maumivu yanaweza kuchelewa masaa, wewe ukidhani uko salama. Tafuta mwenye mashine ya kupiga mchanga: unabandika plastiki, unakata herufi, yeye anapiga. Kinyume ni kile kile kama kazi inakaa ndani.

Fundi_Haraka: Wengine wanatumia tu.

Mwandishi: Waulize hao.

KalamuKavu: Fundi, nina USHONI. Nimegeuza: INOHSU. Nimekagua S na N, ziko sawa. Nianze kusafisha?

Mwandishi: U je? Mkono mnene uko upande gani?

KalamuKavu: ...Kushoto kwangu.

Mwandishi: Uko ndani?

KalamuKavu: Niko ndani.

Mwandishi: Rangi bado mbichi?

KalamuKavu: Nimeipaka asubuhi, inanata.

Mwandishi: Basi una bahati kuliko mimi. Usiifute kwa tambara, utabeba na dhahabu. Iache ikauke, kisha ukwangue U peke yake kwa wembe, safisha kioo hapo kwa spiriti, bandika upya. Majani manne yatatosha. Na safari hii gonga vidoti hadi uvione.