Sento loki inakubali leo, kesho inagoma: pa kuanzia

Sento loki ikifa kabisa, tazama fyuzi. Ikigoma asubuhi na kukubali jioni, fyuzi siyo ya kwanza kushukiwa, maana ikishaungua hairudi yenyewe. Hakikisha tu miguu yake haijalegea wala kushika kutu, kisha endelea.

Hatua ya 1: rimoti. Funga na kufungua kwa swichi ya mlango wa dereva mara kadhaa. Swichi ikitii kila mara na rimoti ikisitasita, pima betri ya rimoti. Mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.8, badilisha. Fuata namba iliyoandikwa juu yake, kwani CR2016 na CR2032 hazilingani unene. Baridi ya Julai hapa Arusha huimaliza nguvu betri iliyochoka, ndiyo maana wengine husumbuka alfajiri tu.

Hatua ya 2: mlango mmoja ukibaki nyuma. Fungua kava la mlango, chomoa plagi ya mota ya loki, unganisha taa ya kupimia kwenye nyaya zake mbili, mwenzako abonyeze swichi. Taa ikiwaka kila mara, umeme unafika. Mota ndiyo imechoka. Isipowaka au ikisitasita, nenda Hatua ya 3. Mita ya namba itakudanganya hapa, kwa sababu umeme huo huja na kuondoka chini ya sekunde moja.

Hatua ya 3: mpira wa nyaya kwenye bawaba. Hapa ndipo nawaomba msiwe na haraka. Kuna gari lilitoka Sakina likiwa limeshabadilishwa mota mbili bure. Mlango wa dereva ukiwa nusu wazi, swichi ilifanya kazi. Ukifungwa, loki na vioo vyote vya umeme viligoma pamoja, ila rimoti bado ilifunga milango. Vitu viwili vikigoma kwa pamoja, tafuta vinachochangia: hapa ilikuwa waya wa ethi wa swichi za mlango huo.

Chomoa nguzo hasi ya betri, vuta mpira, kisha vuta kila waya taratibu. Unaorefuka kama raba umekatika shaba ndani, hata ganda likiwa zima. Ongezea kipande cha waya laini wa unene uleule, lehemu, vika mpira wa kusinyaa kwa joto. Maungio yakae nje ya sehemu inayokunjika. Kusokota na kufunga tepu hakudumu.

Maswali

*Fundi, habari. Fyuzi yangu inaungua kila baada ya siku chache. Niweke kubwa zaidi?*
Hapana, dada. Fyuzi kubwa itaacha waya uungue badala yake. Huenda kuna waya uliochubuka unaogusa bodi. Kagua pia mpira wa mlango wa nyuma, juu kwenye bawaba; nyaya huchubuka sana pale.

*Kaka, nimeweka betri mpya, rimoti bado inasita.*
Fungua, inua kidogo vibati vinavyoshika betri, vifute. Ikiwa kitufe kinakubali ukikandamiza kwa nguvu tu, lehemu ya kitufe hicho imepasuka. Fundi simu mzuri atairudishia.