Jicho likiingia vumbi, sikio likitoa usaha: cha kufanya kabla hujakamulia jani

Vumbi la Goma si la udongo mtupu. Ni mawe ya volkeno yaliyosagwa na matairi mwaka baada ya mwaka, na chembe zake zina ncha. Ndiyo maana nikiwa zamu kwenye kituo chetu cha afya, sipitishi juma bila kumpokea motari mwenye jicho jekundu. Wengi wao wanapona. Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya wale waliofika wakiwa wameshawekewa kitu jichoni.

Nianze na mmoja. Alikuwa kijana anayepakia abiria kati ya Sake na mjini. Jumatatu jioni kitu kilimwingia jicho la kulia, akalisugua kwa kiganja huku anaendesha. Ijumaa aliingia kwangu akiwa amejifunika kitambaa, hawezi kutazama dirishani. Nilipomfungua kope niliona juu ya sehemu nyeusi ya jicho doa jeupe, kama chembe ya mchele iliyolowa.

"Uliweka nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, Dokta."

Mimi ni muuguzi, lakini hapa kwetu kila aliyevaa blauzi nyeupe ni Dokta. Nilimuuliza tena, na tena. Mara ya nne ndipo akasema: "Mama bayeri alinikamulia mubirizi. Asubuhi na jioni. Alitaka tu kunisaidia."

Nilimwekea karatasi ya rangi ya fluoresini kwenye kope la chini na kumulika kwa taa ya bluu. Palipochubuka pakawaka kijani kibichi, duara la milimita tatu hivi. Hicho kilikuwa kidonda cha konea, na kilikuwa kimeoza katikati.

Sasa hesabu mwenyewe. Mchubuko mdogo wa konea, yaani ule ulioachwa na chembe ya vumbi, mara nyingi unajifunga wenyewe kwa siku moja hadi tatu. Kama angelala tu bila kuweka kitu, pengine Alhamisi angekuwa barabarani. Hapo ndipo dawa ya miti inapopata sifa isiyo yake: macho mengi mekundu yanapona yenyewe, kwa hiyo kumi waliokamuliwa jani wanaopona wanalisifu jani, na yule wa kumi na moja anaambiwa amechelewa au ana bahati mbaya.

Kwa nini jani linaharibu

Konea, kile kioo kinachofunika sehemu nyeusi, ina unene wa kama nusu milimita katikati, na haina mishipa ya damu. Ngozi ikichubuka, damu inaleta askari wake mara moja. Konea inawasubiri kutoka pembeni. Ukiipa bakteria wakati ina mchubuko, umewafungulia mlango huku mlinzi yuko mbali. Kuna bakteria mmoja, sudomonasi, anayependa maji na vyombo vyenye unyevu, ambaye anaweza kuitoboa konea kwa siku chache tu. Kuvu wanaoishi juu ya majani ni wapole kidogo mwanzoni, lakini wakishaingia ni wagumu kuwatoa, na dawa zao ni ghali.

Mama bayeri aliliosha jani. Aliliosha kwa maji ya bidoni yaliyotoka ziwani, akalisugua kwenye viganja, akakamua kupitia pindo la kitenge. Mlolongo huo una njia nne za vijidudu kupita: jani, maji, mikono, kitambaa.

"Basi tuchemshe," watu wananiambia. Kuchemsha kunaua wengi, sikatai. Lakini maji yakishapoa kwenye kikombe kilicho wazi, na kuchujwa kwa kitambaa kilekile, mmerudi mwanzo. Na mbegu za baadhi ya vijidudu zinavumilia mchemko. Tena moto hauondoi ukali wa mmea wenyewe. Mfano mbaya kuliko yote ni mnyaa, ule wa kuzungushia ua ambao wengi tunauita muyenzi. Maziwa yake yanaunguza konea hata yakiwa masafi kabisa. Ndimu nayo ni asidi. Mkojo sitausema sana, ila ujue kwamba kisonono kinasafiri ndani yake, na kikifika jichoni kinaweza kulipofusha upesi.

Hatua za jicho

*Kwanza, jiulize kilichoingia ni nini.* Ikiwa ni maji ya betri, chokaa, saruji, sabuni kali au utomvu wa mnyaa, usitafute duka la dawa. Chukua maji safi yaliyo karibu zaidi na umwagie papo hapo, taratibu, bila kukoma, dakika 15 hadi 30, huku mtu mwingine ameshikilia kope wazi. Hapa usingoje maji yaliyochemshwa, kwa sababu kila dakika kemikali inazidi kuzama. Kisha nenda hospitali. Ikiwa ni kipande cha chuma kilichoruka kutoka kwenye nyundo au mashine ya kukatia, usimwagie wala usikandamize. Funika kwa kitu kisichogusa jicho, kama kikombe kidogo, na uende.

*Ikiwa ni vumbi tu,* nunua serumu fiziolojiki, vile vichupa vidogo vya plastiki vya mililita 5 vinavyovunjwa shingo. Soma: iwe imeandikwa NaCl 0,9 %, na tarehe haijapita. Kimoja ni cha kutumia mara moja, kilichobaki unakimwaga. Usijitengenezee kwa chumvi ya jikoni, maana kijiko cha nyumba hii si kijiko cha nyumba ile, na maji hayatakuwa yameuliwa vijidudu.

*Nawa mikono kwa sabuni.* Kaa, inamisha kichwa upande wa jicho linalouma ili maji yatiririke kuelekea sikioni, yasivuke pua na kuingia jicho zima. Vuta kope la chini kwa kidole, mimina kutoka pembe ya pua kwenda nje, pepesa macho, rudia. Vichupa viwili au vitatu vinatosha. Chembe ikikataa kutoka, acha. Usiifuate kwa pamba, kwa ncha ya kanga, wala kwa ulimi, na ulimi nimeuona.

*Kama kuna tongo za njano,* lowesha kitambaa safi kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, ufute kope kwa nje tu, kila jicho na kitambaa chake. Muuguzi akikubali, tumia pomada ya tetrasiklini ya macho ya asilimia 1: kiasi cha punje ya mchele ndani ya kope la chini, mara nne kwa siku, hadi usaha uishe. Ila kwa mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja usijaribu chochote nyumbani. Tongo nyingi kwa mtoto huyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

*Pima kuona.* Ziba jicho moja, soma kalenda iliyo ukutani, kisha ziba la pili. Kama herufi ulizosoma kwa jicho zima hazisomeki kwa lile linalouma, hilo si jekundu la kungoja. Vivyo hivyo ukiona doa jeupe, ukishindwa kuvumilia mwanga, au maumivu yakizidi baada ya siku moja. Ulizia hospitali yenye huduma ya macho, usiishie duka la dawa.

Hapo dukani kuna mtego mwingine. Utapewa koliri yenye deksamethasoni, na kesho jicho litakuwa jeupe na utafurahi. Deksamethasoni inazima wekundu kwa kuwalaza askari wa mwili. Kukiwa na kidonda cha kuvu au cha virusi vya hepesi, kidonda kinakula kwa raha. Koliri ya aina hiyo isiingie jichoni mpaka mtu amepima kwa ile rangi ya kijani.

Kijana wetu alipelekwa kwa daktari wa macho siku ileile. Aliwekewa matone ya antibiotiki kila saa, mchana na usiku, siku za mwanzo. Jicho lilibaki, lakini na kovu katikati, na kwa jicho hilo anahesabu vidole vyangu nikisimama karibu. Amerudi kwenye pikipiki, abiria wa mchana tu.

Sikio

Sikio ni fupi kulieleza, kwa sababu kosa ni moja: hatuoni kilicho mwisho wa tundu. Kuna ngoma nyembamba, na mtoto akitoa usaha, mara nyingi ngoma hiyo ina tobo. Kila unachodondosha kinapita tobo hilo kwenda ndani. Nimempokea mtoto ambaye bibi yake alipasha mafuta ya mawese na kitunguu saumu ndani ya kijiko, juu ya mbabula. Mafuta yaliunguza ngozi ya tundu, na mtoto akasema kitu ambacho bibi hakukielewa: "Nasikia saumu kooni." Ladha ikishuka kooni, ngoma ina tobo. Kuna mrija kati ya sikio la ndani ya ngoma na koo, na ndimo ilimopita.

Kwa hiyo sikio linalotoa usaha halitiwi maji, wala mafuta, wala jani; linakaushwa. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachofyonza, ukisokote kiwe kama utambi, kiingize taratibu bila kusukuma, ngoja kilowe, kitoe, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku. Usiache pamba ndani kama kizibo. Kama usaha una siku chache tu, mtoto anahitaji kupimwa, kwa kuwa huenda akaandikiwa antibiotiki ya kunywa. Ukifika siku 14 au zaidi, baada ya kukausha anawekewa matone ya sikio ya siprofloksasini, kwa kawaida mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Pasha chupa mkononi kwanza, maana matone ya baridi yanaleta kizunguzungu. Matone ya jentamisini yaache kama ngoma ina tobo. Yanaweza kuharibu kusikia kwenyewe. Uvimbe ukitokea nyuma ya sikio hadi likasukumwa mbele, ni hospitali usiku uleule.

Na kama umeshaweka

Acha kuweka, usiongeze kingine cha kuondoa cha kwanza, na uje na kile ulichotumia: jani, mafuta yaliyobaki kijikoni, chupa. Hakuna atakayekufokea kwangu. Nikijua ni mubirizi, namwandikia daktari wa macho kwamba afikirie kuvu tangu siku ya kwanza. Nikiambiwa "hakuna kitu", anaanza na bakteria peke yake, na kuvu anapata siku tatu nne za bure.