Kirejeshi kimekaa wapi? Namna ya kukicheki ndani ya kitenzi

Chukua sentensi hii: *Gari nililinunualo mwaka jana limeharibika.* Ukiisoma fasta inapita, maana masikio yameshazoea "gari nilipendalo" na "jambo nilisemalo", ila hiyo ya juu ina kosa na tatizo lote ni hiyo "lo" ya mwisho, ndo kirejeshi, kipande kinachoturudisha kwenye gari tunalolisema.

Hatua ya 1: katakata kitenzi. Andika ni-li-li-nunua-lo, halafu kila kipande kipe kazi yake. "Ni" ndo mimi mnunuzi, "li" ya kwanza ni wakati uliopita, "li" ya pili ni gari lenyewe, yaani mtendwa, "nunua" ndo mzizi wetu na kiishio chake, na "lo" ni kirejeshi. Usiruke hapa, hizi "li" zinafanana kama mapacha na ndo zinazochanganya watu.

Hatua ya 2: angalia kama kuna wakati. Ukikuta "li", "na" au "taka", kirejeshi kinakaa hapohapo nyuma yake, hakuna kitu kinaingia katikati, mtendwa anasubiri baada ya hapo. Kwa hiyo ni-li-lo-li-nunua, *gari nililolinunua*. Ukanushi wa "si" nao uko hivyohivyo: *gari nisilolipenda*.

Sasa utauliza mbona "nilipendalo" iko sawa? Ikate uone: ni-li-penda-lo. Ina "li" moja tu na hiyo ni gari, sio wakati! Kitenzi hakina alama ya wakati kabisa, ndo maana kirejeshi kimeenda mwisho. Mtu akidhani hiyo "li" ni ya wakati uliopita, lazima aishie kwenye "nililinunualo".

Hatua ya 3: kama wakati ni "me", kirejeshi kitoe nje. "Nimelolinunua" hakuna, sema *gari ambalo nimelinunua*. Kwa "ta" una njia mbili, *ambalo nitalinunua* au uivute iwe "taka", *nitakalolinunua*. Ila ukishaweka amba usirudishe kirejeshi tena ndani, "ambalo nililolinunua" ni kukitaja mara mbili.

Hiyo amba inasaidia pia kujua kirejeshi chenyewe ni kipi, ambalo inakupa lo, ambazo zo, ambaye ye. Lakini kwa nafasi usiitegemee, maana ukitoa "lo" kwenye sentensi ya kosa ili uweke ambalo unabaki na "nililinunua", ukiitoa kwenye iliyo sahihi unabaki na hiyohiyo, kwa hiyo kosa halionekani. Kinacholionyesha ni kukatakata tu.

Jaribu na *gari lililoharibika*: li-li-lo-haribika. Hapa "li" ya kwanza ni gari, maana ndilo limeharibika, ya pili ni wakati, na "lo" imeifuata ya pili. Mtu akikuandikia "liloliharibika", ameibandika "lo" kwenye "li" ya gari badala ya ile ya wakati.