Utani ukigoma jukwaani, jigeuzie mwenyewe

Umemtania mzee wa meza ya mbele kuhusu suti yake kubwa, na ukumbi mzima kimya. Usirudie utani, usiufafanue, na usimuongezee mzee hata neno. Watu wamenyamaza kwa sababu wameshahamia upande wake.

Vuta pumzi moja, rudi hatua moja nyuma, kisha jichane kwa jambo lilelile ulilomsemea: "Nacheka suti ya mzee, na hili koti langu la kuazima, mwenyewe yuko mlangoni analisubiri." Shika kola wakiangalia. Likiwa kitu wanachokiona kwa macho, kicheko huja upesi, na mzee naye hupata nafasi ya kukucheka.

Mara moja yatosha, ya pili kwa shida. Ukijisema umefeli maisha, watakuonea huruma, na huruma haichekeshi. Wakishacheka, ingia mara moja kwenye kichekesho chako kilichokwisha kukubalika kwingine.

Ila kama umegusa msiba au ugonjwa, hapo omba radhi kwanza, kwa sentensi moja, bila mzaha.