Somo: Kufupisha ujumbe wa sauti wa mzee uwe meseji moja ya ndugu

Shangazi yetu anaishi kijijini wilayani Mpwapwa. Akiwa na jambo huazima simu ya mjukuu wake na kunitumia ujumbe wa sauti hapa Dodoma mjini, nami ndiye ninayewaarifu ndugu zangu watatu. Mmoja wao anatumia kitochi kisichopokea sauti hizo, kwa hiyo habari lazima iende kwa meseji ya kawaida. Ujumbe ninaoutolea mfano ulikuwa wa dakika saba.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza wote, bila kuandika chochote. Shangazi alianza na salamu, akaeleza mvua iliyokatika kabla uwele haujakomaa, kisha mbuzi wa jirani walioingia shambani. Kwenye dakika ya tano akasema: "Na hili jicho la kushoto limeweka ukungu, yule daktari wa macho wa pale mjini alisema nirudi keshokutwa saa mbili, nauli ninayo, ila barabara siioni vizuri." Halafu akarudi kwa mbuzi. Aliyeacha kusikiliza dakika ya tatu angewaambia ndugu kwamba Shangazi ana ugomvi na jirani.

Hatua ya pili, sikiliza tena ukiwa na karatasi, uandike jambo lenyewe, siku na saa, mahali, na anachoomba. Ombi ndilo gumu, kwa sababu mzee aliyelelewa kwa adabu ya zamani hatamki "naomba" mbele ya watoto wa kaka yake. Maneno "barabara siioni vizuri" ndiyo ombi lake: anataka mtu wa kumsindikiza. Na maneno "nauli ninayo" yasiachwe hata kidogo, maana yakikosekana kila mmoja atatuma pesa akidhani amemaliza wajibu, na Shangazi ataondoka peke yake.

Hatua ya tatu ni siku. "Keshokutwa" ya mzee huhesabiwa tangu siku aliyorekodi, si siku unayosikiliza. Yeye alirekodi Jumanne usiku, mimi nikasikiliza Jumatano alfajiri. Ningehesabu kuanzia kwangu ningeandika Ijumaa, na kliniki ilikuwa Alhamisi. Tazama saa iliyoandikwa chini ya ujumbe, kisha andika jina la siku pamoja na tarehe.

Kabla ya kutuma nilimpigia, nikamsomea nilichoelewa juu ya siku, mahali na msindikizaji. Akasema, "Hapo umenisikia, mwanangu." Ndipo nikatuma hii:

"Shangazi ana kliniki ya macho Alhamisi tarehe 14, saa 2 asubuhi, Mpwapwa mjini. Anaomba wa kumsindikiza. Nauli anayo. Nani ataweza? Nijibuni Jumatano mchana."

Hizo ni herufi 157, ukihesabu na nafasi. Meseji moja ya kawaida hubeba 160. Ikizidi, hugawanywa vipande vya 153 na kila kipande hulipiwa. Ukitia emoji hata moja, kikomo hushuka hadi 70. Ritifaa iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe katika neno kama ng'ombe, huleta tatizo hilohilo, kwa hiyo hakikisha imenyooka.

Maswali ya wanachama

Swali: Bibi yangu wa Kongwa huchanganya Kigogo katikati ya Kiswahili, nami nimekulia Dar es Salaam. Neno nisilolielewa nilifanyeje?

Jibu: Usilikisie. Mrushie sauti hiyo ndugu anayejua Kigogo, umwambie ni dakika ya ngapi. Kama muda hauruhusu, mpigie Bibi mwenyewe na umwombe akueleze kwa Kiswahili. Neno moja lisiloeleweka linaweza kuwa ndilo jina la mahali anapokusudia kwenda.

Swali: Katika ujumbe mzee alilalamika kwamba kaka yetu hampigii simu. Je, hilo nalo liingie?

Jibu: Mimi siliweki. Lalamiko kama hilo likiandikwa kwa ufupi hugeuka shtaka mbele ya wote, wakati mzee alilisema kwa huzuni. Mpigie kaka peke yake umweleze, kwa maneno yaleyale ya mzee.

Swali: Je, habari za mbuzi na uwele zinapotea kabisa?

Jibu: Hazikuwa za kufanyiwa jambo kabla ya Alhamisi, ndiyo sababu hazikuingia. Sauti yenyewe sikuifuta. Dada aliyemsindikiza alikuwa ameisikiliza njiani, na walipokuwa wakisubiri zamu yao kliniki alimuuliza Shangazi habari za mbuzi. Alihadithia hadi wakaitwa ndani.